Kipeuo cha pili hakina hitilafu, sisi ndio tunaouliza vibaya

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili hivi, na najua wengine wenu mlidhani nimechoka kuandika. La hasha. Nilikuwa nimekwama kwenye nukta mbili za rangi, moja nyekundu na nyingine ya samawati, ambazo zilikataa kabisa kufanya nilivyotaka. Leo nataka niwasimulie, kisha nitoe maoni ambayo najua baadhi ya waandishi wenzangu wa programu hawatayapenda.

Kisa kilianza hivi. Rafiki yangu anayefundisha hisabati chuoni aliniomba nimwandikie programu ndogo ya kuonyesha darasani. Mlinganyo wenyewe ni rahisi sana:

```
x² − 2x + c = 0
```

Ukiutatua kwa kanuni uliyoisoma shuleni, unapata majibu mawili: 1 + √(1 − c) na 1 − √(1 − c). Kwa mfano c ikiwa −3, basi 1 − c ni 4, kipeuo chake ni 2, na majibu ni 3 na −1. Mwalimu alitaka wanafunzi waone majibu hayo yakisogea kwenye skrini kadiri c inavyobadilika. Jibu la kwanza nikalipaka nyekundu, la pili samawati. Kazi ya saa moja, nilifikiri.

Kisha akaniambia, "Sasa bwana, hiyo c isiende kushoto na kulia peke yake. Izungushe. Ianze −3, izunguke nukta ya 1, irudi pale pale −3." Yaani c iwe namba changamano, itembee kwenye duara. Nikafanya hivyo. Zile nukta mbili zikaanza safari vizuri, taratibu, kama watu wawili wanaozunguka meza. Walipofika nusu ya safari, ghafla! Nyekundu ikaruka hadi ilipokuwa samawati, na samawati ikaruka hadi ilipokuwa nyekundu. Kisha zikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Kijana, programu yako ina kasoro," mwalimu akacheka. Mimi sikucheka.

Kwanza tuelewane kuhusu kipeuo

Kwa wale ambao namba changamano ziliwapita, msiogope. Chukua karatasi. Namba za kawaida ziko kwenye mstari wa mlalo: chanya kulia, hasi kushoto, sifuri katikati. Namba changamano ni nukta yoyote kwenye karatasi hiyo. Kwenda juu ni kuongeza i, ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1. Kila nukta unaweza kuieleza kwa mambo mawili: iko mbali kiasi gani kutoka sifuri, na iko pembe gani ukihesabu kutoka upande wa kulia.

Siri yote ya leo iko katika sentensi moja: ukizidisha namba mbili za aina hii, umbali huzidishwa lakini pembe hujumlishwa. Basi kutafuta kipeuo cha pili ni kufanya kinyume. Umbali unautafutia kipeuo chake cha kawaida, na pembe unaigawa kwa mbili.

Sasa tutembee pamoja. Ili iwe rahisi, tuache c kando na tuite z ile namba iliyo ndani ya kipeuo, yaani 1 − c. Wakati c inazunguka 1, z inazunguka sifuri. Tunaanza z = 4. Umbali ni 4, pembe ni 0. Kipeuo tunachochagua ni 2.

Tuizungushe z robo ya duara, kinyume cha mwendo wa saa, hadi 4i. Pembe ya z sasa ni nyuzi 90, kwa hiyo pembe ya kipeuo ni 45. Kipeuo chetu kiko karibu na 1.41 + 1.41i. Robo nyingine, z inafika −4, pembe 180. Kipeuo kina pembe 90, yaani 2i. Ukitaka kuhakiki, zidisha 2i kwa 2i upate −4. Robo ya tatu, z iko −4i kwa pembe 270, na kipeuo kiko kwenye pembe 135, yaani takriban −1.41 + 1.41i. Robo ya mwisho z inarudi 4, lakini pembe iliyotembea ni 360. Nusu ya 360 ni 180.

Umeona? Kipeuo hakikurudi 2. Kimefika −2. Hakuna mahali tuliporuka, hakuna hatua tuliyoidanganya, na z imerudi pale pale ilipoanza. Kilichobadilika ni kwamba tulianza na kipeuo kimoja tukamaliza na kile kingine. Na yule mwenzake aliyeanza −2, naye ametembea nusu duara upande wa pili akafika 2. Wamebadilishana viti. Ukizunguka mara ya pili, pembe inafika 720, nusu yake ni 360, na kila mmoja anarudi kwake.

Kwenye mlinganyo wa mwalimu hii ina maana kwamba c ilipozunguka 1 mara moja, jibu lililokuwa 3 lilipaswa kuwa −1, na lililokuwa −1 lilipaswa kuwa 3. Kubadilishana ni haki. Kosa la programu yangu lilikuwa lile *ruko*, kwa sababu kwenye hesabu yenyewe hakuna ruko hata moja.

Ile nukta ndiyo yenye neno

Jaribu duara lingine ambalo halizungushi sifuri. Tuseme z inazunguka 4 yenyewe kwa umbali wa 1. Inaanza 5, inapita juu, inafika 3, inapita chini, inarudi 5. Pembe yake kutoka sifuri inapanda hadi nyuzi 14 na nusu hivi, inashuka hadi sifuri, inakwenda chini hivyo hivyo, kisha inarudi sifuri. Kipeuo kinaanza 2.236, kinapita 1.732, kinarudi 2.236. Hakuna aliyebadilishana na mtu.

Kwa hiyo ukubwa wa duara si hoja. Unaweza kuchora duara dogo kama tundu la sindano au kitanzi kilichopindapinda kama barabara ya milimani. Swali ni moja tu: je, kimezunguka sifuri mara ngapi? Mara isiyogawanyika kwa mbili, vipeuo vinabadilishana. Mara inayogawanyika, au bila kuzunguka kabisa, kila kipeuo kinarudi kwake. Nukta yenye tabia hii huitwa nukta ya tawi. Hapo ndipo vipeuo vyote viwili vinakutana na kuwa kitu kimoja, kwani sifuri ina kipeuo kimoja tu.

Mfaransa Victor Puiseux alichunguza mwaka 1850 namna majibu ya milinganyo yanavyobadilishana nafasi ukizunguka nukta kama hizi. Mwaka uliofuata, 1851, Mjerumani Bernhard Riemann akaleta njia ya kuliona jambo hili kwa macho katika tasnifu yake ya udaktari kule Göttingen. Badala ya karatasi moja, fikiria mbili zilizounganishwa. Mimi huwaza lile jengo la ghorofa la kuegesha magari mjini. Unaendesha ukizunguka nguzo ya katikati, na ukimaliza mzunguko mmoja uko mahali pale pale ukitazamwa kutoka juu, ila uko ghorofa nyingine. Tofauti ni kwamba jengo la Riemann lina ghorofa mbili tu, na ukizunguka tena kutoka ghorofa ya pili unajikuta ya kwanza. Fundi wa mawe hawezi kulijenga bila sakafu kupita ndani ya sakafu nyingine, lakini kwenye hesabu linasimama vizuri.

Wala si mchezo wa karatasi. Mwaka 2001 wanafizikia wa Darmstadt, Ujerumani, walichapisha jaribio la mawimbi ya maikrowevu ndani ya chombo kilichofungwa. Walikuwa na vipimo viwili vya kurekebisha, wakavizungusha taratibu kuizunguka hali ambapo mitetemo miwili inakuwa mmoja. Baada ya mzunguko mmoja, mitetemo ile miwili ilikuwa imebadilishana. Hesabu iliyo chini yake ni hiki hiki kipeuo cha pili.

Sasa ruko lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye `sqrt`. Kompyuta ukiiomba kipeuo inakupa jibu moja, si mawili, kwa hiyo lazima mtu aliyeiandika awe amechagua. Uchaguzi wa kawaida, pamoja na ule wa Python, ni kuchukua kipeuo kilicho upande wa kulia wa karatasi. Pembe ya z inahesabiwa kutoka −180 hadi 180, ikigawanywa kwa mbili inabaki kati ya −90 na 90. Ukivuka mstari wa namba hasi, pembe inaruka kutoka 180 hadi −180, na kipeuo kinaruka kutoka juu hadi chini. Mstari huo ndio mkato.

Nilitembea duara kwa hatua nane nikaona mwenyewe. Hatua ya tatu `sqrt` ilinipa 0.77 + 1.85i, ya nne 2i, na ya tano 0.77 − 1.85i. Kutoka hatua moja hadi nyingine kipeuo kilikuwa kikisogea takriban 0.78. Kutoka ya nne hadi ya tano kikaruka 3.92. Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta: ukiona ruko ambalo ni karibu mara mbili ya umbali wa kipeuo kutoka sifuri, umevuka mkato.

Na juu ya mkato wenyewe mambo ni ya ajabu zaidi. Tazama:

```python
>>> import cmath
>>> cmath.sqrt(complex(-4, 0.0))
2j
>>> cmath.sqrt(complex(-4, -0.0))
-2j
```

Sifuri chanya na sifuri hasi, majibu mawili tofauti! Si hitilafu. Mwaka 1987 William Kahan, mmoja wa waliobuni kanuni za hesabu za desimali kwenye kompyuta, aliandika kwa kirefu kwa nini alama ya sifuri ni muhimu hapa: inaiambia mashine uko ukingo gani wa mkato, wa juu au wa chini.

Dawa niliyoijaribu ikakataa

Mwenzangu kazini, mtu hodari kuliko mimi, aliangalia akasema, "Mzee, usijisumbue. Hamisha tu mkato." Inawezekana kweli. Badala ya `cmath.sqrt(z)` unaandika `1j * cmath.sqrt(-z)`, na mkato unahama kutoka upande wa hasi hadi upande wa chanya. Nikaandika. Nukta zikazunguka mzunguko mzima bila kuruka. Nikashangilia, nikampigia mwalimu simu.

Mwalimu akauacha mzunguko uendelee. Mwanzoni tu mwa mzunguko wa pili, nukta zikaruka. Sikuwa nimeponya ugonjwa, nilikuwa nimeuhamisha chumba.

Na hapa ndipo penye maoni yangu. Mkato ni uamuzi wetu sisi. Unaweza kuuweka kushoto, kulia, juu, au kuupinda kama mkia wa paka. Lakini nukta ya tawi si uamuzi wa mtu. Haihamishiki. Mkato wowote lazima uanzie sifuri uende mbali bila kikomo, na kitanzi chochote kinachozunguka sifuri lazima kiuvuke. Huwezi kuuficha. Kila saa unayotumia kutafuta mahali pazuri pa kuuweka, ilhali data yako inaizunguka sifuri, ni saa uliyoitupa.

Mwenzangu alipinga. Alisema programu safi ni ile inayotoa jibu lile lile kwa ingizo lile lile, na kwamba kitu kinachotoa 2 leo na −2 kesho kwa z ile ile ni takataka. Nakubaliana naye nusu. `sqrt` inafanya hivyo hasa: ukiipa 4 inakupa 2 daima, na ndiyo sababu nasema haina hitilafu. Lakini swali la mwalimu halikuwa "kipeuo cha 4 ni kipi?" Lilikuwa "kile kipeuo tulichoanza nacho kiko wapi sasa?" Jibu la swali hilo linategemea njia uliyopita, si mahali ulipo peke yake. Na njia haimo ndani ya z. Usipoibeba wewe, hakuna atakayekubebea.

Dawa iliyofanya kazi

Kubeba njia si kazi kubwa. Kumbuka kipeuo cha hatua iliyopita, kisha kati ya vipeuo viwili vya sasa chagua kilicho karibu nacho:

```python
import cmath

def fuata(z, w_awali):
    w = cmath.sqrt(z)
    if abs(w - w_awali) > abs(w + w_awali):
        w = -w
    return w

w = 2
for k in range(1, 9):
    z = 4 * cmath.exp(2j * cmath.pi * k / 8)
    w = fuata(z, w)
    print(k, w)
```

Mstari wa nane utakupa −2, pamoja na vumbi dogo la desimali. Weka 17 mahali pa 9, na mstari wa 16 utakurudisha 2. Hakuna ruko popote.

Lakini dawa hii ina masharti mawili, na ukiyapuuza itakuuma. La kwanza ni ukubwa wa hatua. Kutoka z moja hadi inayofuata, pembe ikitazamwa kutoka sifuri isifike nyuzi 180. Ikifika hapo, kipeuo kimegeuka nyuzi 90, na wagombea wote wawili wako umbali sawa kutoka pale ulipokuwa. Programu itachagua kwa bahati nasibu, na itachagua kimya kimya. Mimi sasa nahesabu tofauti ya pembe kila hatua, na ikizidi 90 programu inaigawa hatua hiyo vipande viwili.

Sharti la pili ni kutopita juu ya sifuri yenyewe. Umbali kati ya vipeuo viwili ni mara mbili ya √|z|. Karibu na sifuri vinasogeleana hadi hutofautishi. Njia ikipita katikati kabisa, vipeuo vinagongana, na swali la nani ni nani halina jibu tena. Usiilazimishe programu ijibu. Ifanye isimame ikuambie.

Kuna jambo moja zaidi lililonigharimu jioni nzima. Nilikuwa nimeandika jaribio la kuhakikisha kwamba baada ya mzunguko mmoja nyekundu inarudi ilipoanza. Jaribio likawa linashindwa hata baada ya programu kupona! Lililokuwa na kosa ni jaribio. Jaribio sahihi linasema: baada ya mzunguko mmoja, nyekundu iko alipoanza samawati, na baada ya miwili iko kwake. Na katika muda wote huo jumla ya majibu mawili ni 2, na zao lao ni c. Hivyo viwili havijali nani ni nani, ndiyo maana vinarudi daima.

Nilipompelekea mwalimu toleo jipya, nilikuwa nimefuta maandishi yaliyosema "jibu la kwanza" na "jibu la pili". Hakuna la kwanza. Ukitaka kuyapa majina ya kudumu kwenye karatasi nzima inayozunguka nukta ya tawi, utashindwa, na si kwa sababu hujui kuandika programu. Nimebakiza rangi tu, maana rangi inafuata safari. Mwalimu aliizungusha mara moja mbele ya darasa, nyekundu ikateleza polepole hadi mahali pa samawati, akasimamisha, akawauliza wanafunzi, "Sasa nani amekosea?" Nasikia walibishana hadi kengele ikalia.

Basi kabla hujasema `sqrt` ina hitilafu, angalia kama z yako inaizunguka sifuri. Kama haiizunguki, weka mkato mbali na njia yako ulale usingizi. Kama inaizunguka, acha kuhamisha mkato, anza kubeba njia. Mwenzangu bado hajakubali. Wewe je, uko upande wake au wangu?

Haya, tuonane tena juma lijalo.